Kizulia kinachojikunja kama ungo: kosa haliko mahali unapolitafuta

*Mwalimu, shikamoo. Nasuka vizulia vya mlangoni kwa tepe za fulana kuukuu, napeleka sokoni. Msuko wa mara tatu, nauzungusha na kuushona. Kila kikifika mzunguko wa tano kingo zinanyanyuka kama ungo. Nikilegeza, kinatoa mawimbi. Mteja mmoja amenirudishia chake baada ya kukifua mara mbili, kimejikunja upande. Kosa liko kwenye mkono wangu au kwenye kitambaa? Na nikihamia katani au mifuko ya plastiki, nitapona?*

Marahaba. Makosa ni mawili. Kingo kunyanyuka ni kosa la hesabu ya kushona. Kile kilichorudishwa ni kosa la kitambaa, na hilo lilifanyika kabla hujashika mkasi. Mkono wako usiulaumu, maana msuko wenyewe ungekuwa mbaya usingefika mzunguko wa tano bila kufumuka.

Tuanze na ungo. Chukua kipande cha msuko wako kilichonyooka, ukiweke mezani, ukikunje taratibu kiwe duara. Utaona ukingo wa ndani unabanana na wa nje unavutika. Msuko huohuo mmoja, lakini pande zake mbili hazitaki urefu ulio sawa. Sasa unapouzungushia zulia, msuko mpya unapita nje ya ule wa zamani, kwa hiyo njia yake ni ndefu zaidi. Ukiushona kitanzi kwa kitanzi, kila kitanzi cha msuko mpya na mwenzake wa zulia, unaulazimisha uwe mfupi kama wa ndani. Hauna pa kwenda ila juu. Ndiyo ungo wako huo.

Njia hiyo inaongezeka kwa kiasi gani? Hapa ndipo wengi hukisia, na hakuna haja. Kila mzunguko unadai nyongeza ya mara 6.28 ya upana wa msuko. Msuko wa sentimita 2.5 unadai nyongeza ya karibu sentimita 16 kila mzunguko. Zingatia neno kila: mzunguko wa pili unadai 16, wa nane unadai 16, wa ishirini pia unadai 16. Watu hudhani zulia likikua nyongeza nayo inakua, kwa hiyo mwanzoni wanabana na mwishoni wanalegeza. Wanaanza na ungo, wanamaliza na mawimbi. Nadhani hicho ndicho kinachokupata.

Kwa nini linaonekana mzunguko wa tano na si wa pili? Kwa sababu upungufu unajilimbikiza. Tuseme kila mzunguko unakosa sentimita 4. Katika ule wa kwanza kitambaa kinavutika kidogo na kukusamehe. Ukifika wa tano ukingo umepungukiwa sentimita 20, na hakuna kitambaa cha kusamehe kiasi hicho. Ndiyo maana kulegeza mzunguko wa tano hakukusaidii. Deni limeanza nyuma.

Sasa tuligeuze hilo liwe kazi ya mkono, kwa sababu sentimita 16 huwezi kuzipima ukiwa na sindano. Pima sentimita 20 za msuko wako, halafu hesabu vitanzi vya upande mmoja tu. Tuseme umepata 10. Basi kitanzi kimoja kina sentimita 2, na nyongeza ya 16 ni vitanzi 8. Maana yake katika kila mzunguko kuna mara 8 ambapo utaruka kitanzi kimoja cha msuko mpya. Unaruka kwenye msuko mpya, si kwenye zulia. Sindano inachukua kitanzi cha zulia, kisha badala ya kuchukua kitanzi kinachofuata cha msuko mpya inakiacha na kuchukua cha pili yake. Ukiruka upande wa zulia unafanya kinyume kabisa, na kizulia kitajifunga kama kofia.

Nane ni hesabu ya karatasi. Misuko inapokaa pamoja vitanzi vyake huingiliana kidogo, kwa hiyo mzunguko hauchukui sentimita 2.5 kamili. Kwa msuko wa fulana mimi huishia 7, mara chache 6. Anza na 7, ukishamaliza mizunguko mitatu ulaze mezani uone. Ukingo ukinyanyuka, umepunguza mno, rudi 8. Ukingo ukicheza kama pindo la gauni, umezidisha, shuka 6. Ukishapata namba yako kwa upana ule wa msuko, iandike. Haibadiliki hadi ubadilishe upana wa tepe.

Hujasema umbo, lakini vizulia vya mlangoni vingi ni vya yai, na huko kuna jambo moja zaidi. Umbo la yai lina pande mbili zilizonyooka na ncha mbili zenye mviringo. Pande zilizonyooka hazidai nyongeza yoyote. Shona kitanzi kwa kitanzi bila kuruka. Nyongeza yote ya mzunguko inaingia kwenye ncha, nusu huku na nusu kule. Anayesambaza kuruka kuzunguka zulia zima hupata ubavu wenye mawimbi na ncha zilizonyanyuka kwa pamoja, kisha anachanganyikiwa asijue azidishe au apunguze.

Nichukue kizulia kimoja tukitengeneze hadi mwisho. Nataka urefu wa sentimita 75 na upana wa 45. Urefu wa moyo, yaani ule msuko wa katikati ulionyooka, ni urefu ukitoa upana: 75 ukitoa 45, sawa na 30. Nasuka sentimita 30, naukunja msuko ujirudie, naushona ubavu kwa ubavu, na kutoka hapo nazunguka. Kwenye ncha zile za mwanzo kabisa msuko una kona kali na haupendi kupinda. Ukifika pale, tepe ya nje ipitishe juu ya ile ya kati mara mbili mfululizo, kisha ya ndani ivute ikaze. Rudia mara mbili tatu, utaona msuko wenyewe unageuka bila kulazimishwa. Baada ya mzunguko wa pili mviringo umeshatulia na hauhitaji tena ujanja huo.

Upana wa 45 kwa msuko wa 2.5 ni misuko 18, yaani 9 kila upande wa mstari wa katikati. Mzunguko wa kwanza unakula karibu sentimita 68 za msuko, wa tisa unakula karibu mita 1.9. Jumla yake ni karibu mita 12. Kusuka hula urefu, hivyo kila tepe inahitaji kuwa ndefu kuliko msuko kwa karibu theluthi: tepe tatu za mita 16 kila moja, mita 48 kwa jumla. Kiwiliwili cha fulana kubwa ya mtu mzima, kuanzia chini ya kwapa hadi kwenye pindo, kinatoa karibu mita 9 za tepe ya upana wa sentimita 5 ukikikata kwa kuzunguka. Kwa hiyo kizulia hiki ni fulana 5 hadi 6. Usianze na 4 ukitegemea kutafuta nyingine katikati ya kazi. Rangi utapata, unene uleule hutapata.

Kabla ya kushona, funga uzi wa rangi kali kwenye pembe nne ambapo ubavu ulionyooka unaanza kupinda. Hizo ndizo alama zako. Kutoka alama moja hadi nyingine kwenye ncha unaruka mara 3 au 4. Kutoka hapo hadi alama inayofuata huruki. Na mahali pa kuruka pasifuatane na pale pa mzunguko uliopita. Ukiruka pale pale kila mara unajenga kona, na ncha ya yai inakuwa na pembe kama nati. Mzunguko huu ruka katikati ya nafasi za mzunguko uliotangulia.

Shona kizulia kikiwa kimelala mezani au sakafuni. Nasisitiza hili kuliko hesabu yenyewe. Ukikishona mapajani, paja limepinda, kizulia kinafuata paja, na unakaza uzi ukidhani kimelala. Nimewahi kukaa na msukaji mzuri sana, hesabu yake haina kasoro, na bado kila kazi ilitoka kama sahani. Alikuwa akishonea kitandani, miguu ameikunja. Tuliweka ubao wa kawaida mbele yake, basi. Hakubadilisha kitu kingine.

Shazia iwe na ncha butu, ipite ndani ya vitanzi bila kutoboa kitambaa. Uzi vuta hadi uzame usionekane, kisha acha. Ukiendelea kuvuta unakunja ukingo wa zulia, na ungo unarudi hata kama umeruka sawasawa. Uzi wenyewe uwe wa nailoni au pamba nene. Kamba nyembamba ya katani usiitumie kushonea fulana. Ni ngumu, inasugua, na kila kizulia kinapokanyagwa inakula kitambaa laini taratibu kama msumeno, hadi siku moja mizunguko inaachana.

Kazi iliyokwisha kupinda unaifanyaje? Mawimbi madogo, yasiyozidi unene wa kidole, yaache. Kukanyagwa kutayalaza. Ungo haulazwi na chochote. Pasi, maji, mawe juu yake usiku kucha, vyote vinauahirisha hadi mteja afike nacho nyumbani. Fumua mzunguko mmoja mmoja, kila mara ukilaza mezani, hadi ufike mzunguko unaogusa meza pande zote, na uanze upya kutoka hapo. Inauma, lakini unafumua mizunguko miwili au mitatu tu ikiwa unakagua kila baada ya mzunguko. Ni wale wanaokagua mwishoni ndio wanaofumua chote.

Sasa kile kilichorudi. Kizulia kilicholala vizuri siku ya kuuzwa na kikapinda baada ya kufuliwa mara mbili kinakuambia kwamba tepe zake hazikuwa za tabia moja. Fulana ya pamba tupu, hasa ambayo haijafuliwa sana, hurudi ikipata maji ya moto. Ya poliesta hairudi. Yenye mpira ndani yake inavutika ukiisuka na kujirudisha ukiiacha. Ukisuka moyo kwa pamba na mizunguko ya nje kwa poliesta, moyo unarudi, nje inabaki, na sasa ukingo ni mrefu kuliko unavyotakiwa: mawimbi. Ukigeuza mpango, unapata ungo. Ukiwa na fulana moja tofauti upande mmoja tu, kinapinda upande huo. Ndicho kilichotokea, nina hakika ya kutosha.

Najua kwa sababu nilishafanya zaidi ya hapo. Niliwahi kuchanganya fulana na suruali za jinzi, jinzi sikuzifua kwanza, na nikauza vizulia sita kwa mtu mmoja. Vilirudi vitano, vimepinda, na vile vyenye tepe nyeupe vimegeuka samawati. Cha sita sikukiuliza.

Kwa hiyo fua kitambaa chote kwa maji ya moto kabla ya kukata, ukaushe kabisa. Kitakachorudi kirudi mikononi mwako. Cha rangi kali kifue peke yake hadi maji yatoke safi, au ukiweke kando. Kisha panga kwa mkono, si kwa rangi. Shika fulana kwa vidole, ivute kwa upana, iachilie. Ikirudi papo hapo kama mpira wa nywele, ina mpira. Ikirudi taratibu, ni pamba. Ikiteleza na kung'aa kidogo, ni poliesta au mchanganyiko. Weka mafungu matatu, na kizulia kimoja kitoke fungu moja. Lile la mpira mimi situmii kwa vizulia kabisa. Ukitaka rangi mbili, zitoke humo humo.

Kukata kuna siri moja ndogo. Tepe ikatwe kuzunguka mwili wa fulana, si kutoka bega kwenda chini. Laza fulana, kata pindo la chini, kata mstari kutoka kwapa hadi kwapa, ukibaki na bomba. Kata tepe kuanzia ubavu mmoja, lakini kabla ya kufika ubavu wa pili acha sentimita 4 hivi bila kukatwa. Fungua ule ubavu uliobaki na ukate kimshazari, kutoka mkato mmoja hadi unaofuata wa upande wa pili, na fulana nzima inakuwa tepe moja ndefu isiyo na kiungo. Sasa ivute kwa mikono miwili, mkono kwa mkono hadi mwisho. Kingo zinajikunja zenyewe na tepe inakuwa kama kamba ya mviringo. Inajikunja upande wa mbele ukiingia ndani, hivyo maandishi na picha vinajificha, isipokuwa ile chapa nene ya mpira kifuani ambayo haijikunji. Sehemu hiyo ikate uitupe, vinginevyo itatokea kama kidonda katikati ya zulia.

Kuvuta kuna kazi nyingine: kunamaliza uvutikaji kabla ya kusuka. Tepe isiyovutwa inaendelea kurefuka chini ya miguu ya watu, na zulia linalegea polepole. Vitambaa vya shuka na kanga havina tabia hii, ila vinatoa nyuzi kwenye kingo. Hivyo vikate sentimita 6 au 7, na kingo zikunjwe ndani unaposuka. Ni kazi ya polepole zaidi, na sikushauri uichanganye na fulana.

Viungo vya tepe visikutane mahali pamoja. Anza na tepe tatu za urefu usiolingana ili zikiisha zisiishe pamoja, la sivyo utapata fundo nene ambalo mnunuzi atalikuta kwa kidole gumba. Na mkia wa mwisho, sentimita 20 za mwisho, punguza upana wa kila tepe taratibu ili msuko uwe mwembamba, uulaze ubavuni mwa yai, si kwenye ncha, kisha ncha za tepe uzipitishe ndani ya vitanzi vya mzunguko wa ndani na kuzishona. Mnunuzi mzoefu akishika kizulia hutafuta mkia kwanza na kuuvuta. Kufumuka huanzia hapo.

Kuhusu sokoni, kabla ya kupeleka fungu jipya la kitambaa toa kizulia kimoja, kifue mara mbili, ukikaushe juani, ukilaze. Hicho kimoja kitakuonyesha watakachokuta wengine. Hesabu muda pia. Kwa mkono wangu kukata na kuvuta tepe za kizulia hiki ni saa moja, kusuka mbili, kushona tatu hadi nne. Kushona ndiko kunakokula siku, na ukubwa unapoongezeka mara mbili kwa eneo, kushona nako kunaongezeka mara mbili. Bei inayopangwa kwa kutazama fulana zilizotumika, ambazo pengine ulipewa bure, haihesabu saa hizo zote.

Katani na plastiki hazitakuponya ungo, kwa sababu ile 6.28 haijali umesuka nini. Katani inazidi kuwa kali: nyuzi zake ni ngumu, hazisamehi hata mzunguko mmoja. Ilowanishe kidogo ilainike kabla ya kusuka, na usishone msuko mbichi kwenye uliokwisha kukauka. Faida yake ni kwamba inakwangua tope vizuri kuliko kitambaa chochote. Hasara ni kwamba maji yanaiachia madoa na inachelewa kukauka, kwa hiyo inafaa mlango wenye paa, si wa bafu.

Plastiki kwa vizulia siipendi. Inateleza kwenye sakafu laini, na ikikaa juani inakauka na kuvunjikavunjika kama majani. Mahali pake ni kwenye mifuko ya kubebea, na hapo ule ungo wako unakuwa na kazi. Shona kitako cha yai kwa hesabu niliyokupa, mizunguko mitano au sita, kilale bapa. Kisha acha kuruka kabisa. Mzunguko unaofuata uushone kitanzi kwa kitanzi, ukiwa umeuweka juu ya ukingo badala ya pembeni yake, na ukuta utapanda wenyewe, wima. Ukitaka mdomo mpana, ruka mara mbili tu kila mzunguko. Ukitaka ujifunge juu, ruka upande wa zulia, lile kosa nililokukataza. Mikono ya mfuko usiisuke kwa plastiki tupu, kwa kuwa ikibeba mzigo inarefuka na hairudi. Weka tepe ya shuka au kamba ya nailoni ndani ya msuko, uipitishe chini ya kitako na kuipandisha upande wa pili, ili mzigo ubebwe na kamba hiyo, si na mishono ya mdomoni.